Kornel na Mwizi wa Saa Yake

Katika kijiji kile cha juu ya reli, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka Kigwa, hakuna aliyetamani Kornel Masele apotelewe na kitu. Si kwamba walimwonea huruma sana. Waliogopa maneno. Mwaka alipopotelewa na jembe, kijiji kizima kilisikia habari za uaminifu kwa wiki tatu, kanisani, kilabuni na kisimani, mpaka jembe lilipoonekana juu ya paa la banda lake mwenyewe, alipolitupa alipokuwa akimfukuza kenge.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mkulima wa tumbaku tangu ujana, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkaguzi wa chama cha msingi cha ushirika. Kazi yake ilikuwa moja: kabla ya siku ya soko, apite kwenye ghala la chama, atie mkono ndani ya marobota ya wakulima, na kuhakikisha kwamba ndani ya gunia la katani mna majani ya tumbaku na hamna kingine. Wanunuzi hawana msamaha kwa vitu vigeni. Jiwe moja au kipande cha kamba ya plastiki hutosha kulirudisha robota zima nyumbani.

Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi, na siku hizi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukiri. Ofisini alikuwa na rafu aliyopanga vitu alivyovikamata: gunzi la hindi, jiwe lenye ukubwa wa ngumi, kandambili ya mtoto ya mguu wa kushoto, na kijiko. Mgeni yeyote aliyefika alionyeshwa rafu hiyo na kutajiwa wenye vitu kwa majina yao. Kijiko kilikuwa cha Recheli, mjane wa jirani, ambaye alikula wali bandani siku ya kufunga robota na kijiko kikamponyoka. Miaka minne ilikuwa imepita, na bado Kornel akimwona Recheli kwenye mkutano wa chama alikuwa akiuliza kwa sauti, "Mama, chakula cha leo umekula kwa mkono, sivyo?"

Saa aliletewa na binti yake, Imakulata, muuguzi huko Mwanza. Kliniki walikuwa wamempima Kornel presha wakaikuta imepanda, wakamwambia atembee, apunguze chumvi, na apunguze hasira. Imakulata aliona la kutembea ndilo lenye matumaini. Wakati wa Pasaka alipitia Tabora mjini, katika duka la simu la Huzefa, akamnunulia baba yake saa ya kisasa, nyeusi, ya duara, yenye mkanda wa mpira. Akachagua ile ambayo chaji yake hukaa siku nne, kwa kuwa alimfahamu baba yake. Kesho yake alimpeleka baba yake dukani, na Huzefa aliiunganisha na simu ya Kornel, akafungua akaunti, akaandika neno la siri kwenye karatasi na kumwambia, "Mzee, hii programu ya saa usiifute. Siku moja itakufaa."

Tangu hapo kijiji hakikupumzika. Kornel alitangaza hatua zake kama watu wanavyotangaza matokeo ya mpira. "Elfu sita na mia mbili," alimwambia mtu aliyemsalimia tu. Babu yake alikuwa pagazi, alitembea na mzigo kichwani toka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi, na wala hakuwapo wa kumhesabia hatua. Yeye, mjukuu wake, alikwenda dukani kununua chumvi aliyokatazwa, akarudi akionyesha namba. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, saa ilimtikisa mkono na kumwandikia kwamba amekaa mno, asimame. Kornel akasimama. Alikuwa amekaa benchi la mbele, na watu walio nyuma yake walidhani wamepitwa na jambo, nao wakasimama, benchi kwa benchi, mpaka padri akanyamaza na kuwatazama.

"Mkanda umelegea," mkewe Agnetha alimwambia zaidi ya mara moja. "Kaza tundu moja mbele."

"Unanibana."

"Saa itaanguka."

"Mimi ni mkaguzi, mke wangu. Kitu cha kuniponyoka mimi hakijatengenezwa."

Maneno hayo aliyasema Jumapili. Jumatatu alikuwa bandani akifunga robota lake la mwisho kwa ajili ya soko la Jumatano. Majani yalikuwa mazuri, ya rangi ya machungwa, na yalikuwa na unyevu wa kutosha kutovunjika. Ukipanga majani ndani ya sanduku la mbao la kukandamizia, inakubidi uingize mikono mpaka kwenye kiwiko ili uzijaze pembe. Utomvu wa tumbaku hunata mwanzoni, kisha ukichanganyika na jasho huwa kama mafuta. Kornel alijaza, akakandamiza, akajaza, huku simu yake ikichajiwa dirishani, hatua chache tu kutoka bandani. Robota lilipokaa sawa alilishona kwa mkono wake, na jirani yake Dionis, ambaye ndiye mwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaja kulichukua pamoja na mengine mawili kuyapeleka ghalani. Walisaidiana kupakia. Jua lilikuwa linazama, na Dionis aliondoka akiwapigia ng'ombe mluzi.

Kornel akaenda kuoga. Alipotaka kuivua saa, mkono ulikuwa mtupu.

Alitafuta bafuni, bandani, kwenye ndoo na chini ya kitanda. Agnetha alimmulikia tochi.

Asubuhi ya Jumanne alimpigia binti yake. Imakulata, aliyekuwa anatoka zamu, alimwelekeza pole pole: fungua programu ya saa, tafuta palipoandikwa Tafuta Saa Yangu, bonyeza Lia. Kornel alisimama katikati ya ua, akabonyeza, akatega sikio. Kuku walimtazama. Simu ikamwandikia kwamba saa haipatikani.

"Haipatikani maana yake nini?"

"Maana yake iko mbali na simu, Baba, au imezimika. Angalia chini, kuna ramani. Inakuonyesha mara ya mwisho ilikuwa wapi."

Ramani ilikuwa na alama moja ya bluu, imekaa juu ya nyumba yake mwenyewe. Pembeni paliandikwa: mara ya mwisho kuonekana, jana, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Chaji asilimia themanini na moja.

Kornel aliisoma mara mbili. Kisha akakaa juu ya gogo, na polepole uso wake ukachukua ile sura ambayo wanachama wote waliifahamu, sura ya siku alipogundua kijiko.

"Agnetha," aliita. "Jana Dionis aliondoka hapa saa ngapi?"

"Magharibi hivi. Walikuwa wanatangaza taarifa fupi redioni. Ile ya saa kumi na mbili."

"Na dakika chache?"

"Na dakika chache."

"Saa yangu," Kornel alisema, "iliondoka na ule mkokoteni."

Na katika hilo, tumpe haki yake, alikuwa sahihi kabisa.

Agnetha alimkumbusha kwamba Dionis amewasombea mizigo yao miaka ishirini na hakuwahi kupoteza hata kamba. Kornel alijibu kwamba miaka ishirini hiyo hapakuwa na saa. Akavaa kofia, akatia simu mfukoni, akaenda kwa Dionis kufanya uchunguzi.

Hakupita mlangoni. Binti yake alikuwa amemwambia kwamba saa italia ikiwa karibu, kwa hiyo alizunguka nyuma, akapenya kwenye uzio wa minyaa, akachuchumaa nyuma ya choo cha Dionis na kunyoosha simu hewani kama mtu anayekinga maji ya mvua. Alibonyeza Lia. Haipatikani. Akasogea hatua mbili kwa kuchuchumaa hivyo hivyo, magoti yakilalamika, akabonyeza tena. Haipatikani. Alikuwa anajiandaa kusogea mara ya tatu mlango wa choo ulipofunguka, na Dionis akatoka akifunga mkanda wa suruali.

Walitazamana.

"Mwangaluka, Kornel," Dionis alisema.

"Mwangaluka."

"Kuna shida?"

"Natafuta mtandao."

Dionis alitazama anga, akatazama choo chake, akamtazama tena Kornel. "Huku nyuma huwa haushiki," alisema kwa upole. "Njoo mbele, pana kivuli."

Kornel alishukuru, akasema ana haraka, akatoka kwa kupitia uzio uleule, akaacha kipande cha shati kwenye minyaa. Njiani alijiambia kwamba mtu asiye na hatia angemuuliza maswali zaidi.

Alipanda bodaboda mpaka barabara kuu, akapata gari, na saa sita mchana alikuwa Tabora mjini mbele ya kaunta ya Huzefa. Duka lilikuwa jembamba, limejaa makava ya simu toka sakafuni hadi darini, na Huzefa, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyelirithi kwa baba yake, alikuwa anabandika kioo cha simu ya mteja.

"Shikamoo, mzee wangu. Presha inaendeleaje?"

"Marahaba. Presha imeibiwa."

Alimweleza yote, pamoja na mkokoteni, ila habari za choo aliziacha. Huzefa alichukua simu, akaitazama ramani, akatikisa kichwa kidogo.

"Mzee, hapa usijidanganye. Saa hii haina laini yake ya simu. Mambo yake yote yanapitia kwenye simu yako. Hii alama haikuonyeshi saa ilipo sasa. Inakuonyesha mahali simu ilipokuwa mara ya mwisho zilipoonana. Baada ya hapo zikaachana, ndiyo basi."

"Ndiyo hivyo. Zikaachana mkokoteni ulipoondoka."

"Yawezekana. Au mtu alitembea nayo. Au imeanguka shimoni. Hii haisemi nani, inasema lini na wapi tu."

"Na kulia?"

"Kulia ni mpaka zionane tena. Hatua kumi hivi. Pakiwa na ukuta au mzigo katikati, pungufu. Lakini chaji ilikuwa themanini na moja. Mpaka kesho kutwa bado iko hai." Huzefa aliweka simu juu ya kaunta. "Kuna kitu kingine ninachoweza kukufanyia. Tunaweza kuifunga tukiwa hapa hapa."

"Tuifunge vipi na haipo?"

"Tunatuma amri kwenye akaunti yako. Amri inasubiri. Mara saa itakapokutana na simu yako, itajifunga, itadai namba ya siri, na kwenye kioo yatatokea maneno tutakayoandika pamoja na namba yako ya simu. Aliye nayo hawezi kuitumia. Hata akifuta kila kitu, itamdai akaunti yako."

Kornel alihisi nguvu mpya zikimwingia. Huzefa akamwomba achague tarakimu nne ambazo hatazisahau.

"Mwaka wa ndoa yangu," Kornel alisema bila kusita. "Moja, tisa, tisa, moja."

"Na maneno? Wengi huandika: Saa hii imepotea, tafadhali piga namba hii."

"Tafadhali?"

"Ndiyo, mzee."

"Huzefa, mwanangu, nimekaa na wakulima maisha yangu yote. Mtu ukimwambia tafadhali anajua hujui kitu. Andika: Wewe mwizi nakujua vizuri, uliondoka jioni saa kumi na mbili na dakika kumi, usidhani..."

"Kioo ni kidogo, mzee."

"Basi fupisha. Mwizi, nakujua. Rudisha saa. Kornel."

Huzefa aliweka vidole juu ya simu bila kuandika. "Na kama mtu ameiokota tu? Akisoma hivi ataogopa kukuletea. Ataitupa."

"Haikuokotwa."

Mteja aliyekuwa anasubiri kioo alianza kutabasamu. Huzefa alipumua, akaandika kama alivyoagizwa, kwa herufi kubwa kwa kuwa Kornel alisisitiza, akatuma. Simu ikajibu: saa itafungwa itakapounganishwa. Kornel alirudi nyumbani amenyooka mgongo, na njiani, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, alitembea bila kujua ametembea hatua ngapi.

Jumatano ghala la chama lilijaa mapema. Marobota yalipangwa kwa mistari, kila moja na kibandiko cha mwenyewe, na wakulima walisimama ubavuni mwa mali zao. Mteuzi wa tumbaku, kijana mwenye koti jeupe ambaye kazi yake ni kuyapanga majani katika madaraja, alikuwa bado anakunywa chai. Huo ulikuwa wakati wa Kornel. Alisimama katikati ya mistari na kuanza hotuba yake ya kila msimu.

"Jani ni jani," alisema. "Kisicho jani, kitoe. Wengine hapa mnatuaibisha. Mnafunga robota kama mnafunga virago vya kuhama." Alimtupia macho Recheli. "Mimi nashangaa mtu mzima anaposhindwa kujua kilichotoka mkononi mwake kimeingia wapi."

Alizungumza huku akitembea, na matembezi yakamleta kwenye mstari wa tatu, ambako Dionis alikuwa ameegemea marobota matatu ya Kornel akiyasubiri yauzwe ili apakie mizigo mingine. Hapo simu ikatetemeka mfukoni. Kornel aliitoa. Palikuwa na ujumbe: Saa imeunganishwa. Saa imefungwa.

Moyo wake uliruka, na hapakuwa na kitu mkononi cha kuupima. Alimtazama Dionis. Dionis alikuwa hatua mbili kutoka kwake, mikono mfukoni.

"Wananchi," Kornel alisema, na sauti yake ilibadilika hata mteuzi akashusha kikombe. "Kila mtu asimame hapo alipo. Asitoke mtu. Ndani ya ghala hili kuna mwizi."

Agnetha, aliyekuwa karibu na mlango na wanawake wenzake, alifumba macho.

"Mwizi huyo nimemfunga tayari, hajui tu. Sasa sitataja jina. Nitabonyeza hapa, na mali yangu itamtaja yenyewe."

Akainua simu juu kila mtu aione, akabonyeza Lia.

Mwanzoni hapakusikika kitu. Kisha ikaja sauti nyembamba, ya mbali, kama nyenje aliyefungiwa kwenye kibuyu. Watu waligeuza vichwa. Sauti ilipanda kidogo. Kornel alipiga hatua kumwelekea Dionis, na Dionis, kwa kushangaa, akatoa mikono mfukoni na kuitazama kama nayo ilikuwa ya mtu mwingine. Hakuwa na kitu. Aliondoka pale alipoegemea, akasogea kando. Sauti haikumfuata.

Recheli ndiye aliyeinama. Aliweka sikio kwenye robota la kwanza, akatikisa kichwa. La pili, akatikisa. La tatu akabaki hapo, sikio limebanwa kwenye katani, na tabasamu likaanza kumjia taratibu upande mmoja wa mdomo.

"Imo humu," alisema. "Hili la nani?"

Kibandiko kilikuwa kikubwa, na kiliandikwa kwa mwandiko mzuri wa mkaguzi.

Mteuzi aliagiza robota likatwe nyuzi. Vijana wawili walifungua katani, wakatoa majani safu kwa safu, na kila safu iliyotoka sauti iliongezeka, hadi ghala zima likawa linapigiwa wimbo wa kitoto wenye kengele. Saa ilikuwa pembeni chini, mkanda umefunguka, imelala salama katikati ya majani ya daraja zuri. Kornel alijaribu kunyoosha mkono, lakini Recheli alikuwa karibu zaidi. Aliishika kwa vidole viwili, akaifuta kwa khanga, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Kuna maandishi," alisema.

"Lete hapa, Mama Recheli."

"Ngoja, macho yangu siyo ya siku hizi." Akasoma, polepole, neno moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. "Mwizi. Nakujua. Rudisha saa. Kornel."

Watu walicheka hata njiwa wakaruka toka kwenye kenchi za paa. Mteuzi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mtu nyuma aliuliza kwa Kinyamwezi kama mwizi huyo ajifunge mwenyewe au asubiri kufungwa, na kicheko kikaanza upya. Kornel alisimama na simu mkononi. Saa bado ilikuwa inalia, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba kitufe cha kuizimia kiko hapo hapo kwenye simu. Alibonyeza.

Hapo ndipo, kwa maelezo yake mwenyewe, alipotaka sana kuwa na presha ya kumwangusha, na presha ikakataa kuja.

Agnetha alikuwa amefika. Alichukua saa kwa Recheli na kutazama kioo. "Inataka namba."

"Weka mwaka wa ndoa yetu," Kornel alisema kwa sauti ndogo, akifurahi kwamba angalau hili litamtukuza kidogo.

Agnetha alibonyeza. Saa ikatetemeka na kukataa. Akabonyeza tena, kwa uangalifu. Ikakataa.

"Umeweka ngapi?"

"Tisini na mbili. Tulifunga ndoa tisini na mbili, mwezi wa tisa."

Kornel alikohoa. Alitazama viatu vyake, akatazama rundo la majani, akatazama kila kitu isipokuwa mkewe.

"Jaribu tisini na moja," alisema.

Agnetha akajaribu. Saa ikafunguka, kimya kimya, ikaonyesha muda.

"Tisini na moja ulimwoa nani?" Recheli aliuliza.

Robota lilirudishwa. Mteuzi alikuwa na heshima, alisema tu kwamba lifunguliwe lote, lipangwe upya na lije soko lijalo, maneno yaleyale ambayo Kornel alikuwa amewaambia wengine kwa miaka kumi na mmoja, ila yeye alikuwa akiyasema kwa sauti ya juu zaidi. Kabla ya kuondoka, Kornel aliingia ofisini. Alikaa humo kidogo. Alipotoka alikuwa na kijiko mkononi, akamfuata Recheli mpaka nje.

"Chukua," alisema. "Nisamehe, mama."

Recheli alikigeuza geuza kijiko. "Miaka yote hii nimekula kwa cha kuazima," alisema, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo, akaenda zake akikipigisha kwenye kiganja.

Alibaki Dionis. Yeye alikuwa ameshapakia robota lililofumuliwa kwenye mkokoteni, bila kuombwa, na alikuwa anawasubiri ng'ombe wamalize kunywa. Kornel alipanda akakaa kando yake. Walikwenda robo ya njia. Vumbi lilikuwa jepesi, na ng'ombe walijua njia.

"Dionis," Kornel alisema mwishowe. "Yale maneno ya kwenye saa."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimekuandikia wewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua tangu chooni. Kornel, tangu lini ukatafuta mtandao? Wewe ukitaka kuongea na mtu aliye Kigwa unapiga kelele tu." Dionis alivuta kamba kidogo. "Nilikwenda ndani nikamwambia mke wangu, jirani anadhani nina kitu chake. Akaniuliza, utafanyaje? Nikamwambia nitasubiri. Hukuwahi kupotelewa na kitu kisionekane kwako."

Kornel alitaka kusema kwamba ushahidi ulimwelekea Dionis, kwamba muda ulilingana, kwamba hata mtaalamu wa mjini alisema yawezekana. Na kila alipolipanga neno hilo mdomoni alijiona tena nyuma ya choo, amechuchumaa, mkono hewani. Alianza kucheka peke yake. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la uso. Dionis alimtazama kwa wasiwasi wa mtu anayejua habari za presha.

"Nikwambie Huzefa alivyonishauri niandike tafadhali?" Kornel alisema, akijipangusa.

"Nieleze."

Akamweleza. Walifika nyumbani hajamaliza, wakashusha majani bandani juu ya turubai, na Dionis, badala ya kuondoka, akakunja mikono ya shati na kukaa upande wa pili. Walianza kuyapanga upya, jani kwa jani, marefu huku, mafupi kule, yaliyochanika pembeni. Agnetha aliwaletea michembe ya viazi vikavu na chai isiyo na sukari, akaweka chini, akasimama kidogo kusikiliza. Kornel alikuwa amefika pale kwenye ghala, amesimama katikati ya watu, na alikuwa anajiiga mwenyewe alivyoinua simu juu, kwa ustadi hata Agnetha akaziba mdomo na khanga.

"Rudia," Dionis alisema. "Ile ya asitoke mtu."

Kornel akasimama na jani mkononi, akakunja uso, akairudia.